Majora mawili, mashine mbili: kolorimita ya 45/0 au ya tufe?

Mwezi Mei tulipokea majora mawili ya gabadini ya damu ya mzee, ya kushonea sketi za sekondari moja huku Mbeya. Muuzaji wa Dar es Salaam aliambatanisha karatasi ya vipimo: tofauti ya rangi kati ya jora la kwanza na la pili ni 1.0. Makubaliano yetu yalisema isizidi 1.0, kwa hiyo kwa hesabu yake mzigo ulikuwa umepita. Nikayafungua juu ya meza ya kukatia, karakanani kwetu Mwanjelwa, nikapima kwa kolorimita yangu, mashine ya kupimia rangi. Ikaniambia 1.2.

Nikampigia simu. "Dada, hiyo mashine yako imechoka," akasema. Nikamjibu, "Kaka, nimeisawazisha kwa kigae cheupe leo asubuhi, na kigae nimekifuta kwa mkono wangu." Tulibishana mpaka salio likaisha. Bahati nzuri wiki ile alikuwa na safari ya Tunduma, akapitia kwetu na mashine yake ndani ya mkoba. Tukaziweka zote mbili mezani, tukapima kitambaa kilekile, mahali palepale, kimekunjwa mara nne ili rangi ya meza isipenye. Matokeo yalikuwa haya:

| Kilichopimwa | L* | a* | b* |
|---|---|---|---|
| Jora la kwanza, mashine yangu (45/0) | 20.9 | 24.0 | 7.0 |
| Jora la pili, mashine yangu (45/0) | 21.6 | 23.2 | 6.4 |
| Jora la kwanza, mashine yake (tufe) | 23.1 | 21.9 | 6.1 |
| Jora la pili, mashine yake (tufe) | 23.7 | 21.2 | 5.7 |

Kwa asiyezizoea hizi herufi: L* ni weupe na weusi, 0 ikiwa nyeusi tii na 100 nyeupe pe. a* ikipanda rangi inaelekea nyekundu, ikishuka chini ya sifuri inaelekea kijani. b* ikipanda ni manjano, ikishuka chini ya sifuri ni bluu. Tofauti ya rangi ni umbali kati ya nukta mbili katika nafasi hiyo:

```
ΔE = √(ΔL*² + Δa*² + Δb*²)
```

Chukua mistari miwili ya juu. L* imepishana kwa 0.7, a* kwa 0.8, b* kwa 0.6. Ukipiga hesabu unapata 1.2. Chukua miwili ya chini: 0.6, 0.7 na 0.4, na kwa kanuni hiyohiyo unapata 1.0. Kila mmoja wetu alikuwa amesema kweli. Sasa fanya kosa ambalo watu wengi hulifanya, ulinganishe jora la kwanza kwa mashine yangu na jora hilohilo kwa mashine yake. Unapata 3.2. Kitambaa kimoja, kipande kimoja, kingekataliwa dhidi ya chenyewe.

Mashine zote mbili zilikuwa nzima. Zilichotofautiana ni mahali taa inapokaa na mahali jicho la mashine linapotazamia, yaani jiometri ya upimaji. Anayenunua kolorimita huuliza bei, betri na kama inaunganishwa na simu. Mimi sasa ningeanza na hilo la jiometri.

Taa iko wapi, jicho liko wapi

Katika mashine ya 45/0, mwanga unapiga kitambaa kwa mlalo wa digrii 45 na jicho linatazama wima kutoka juu, digrii 0. Mng'ao unaoruka kama kwenye kioo unakwenda upande wa pili kwa digrii 45 nao, kwa hiyo jicho haliuoni. Ndivyo anavyofanya fundi wetu mkubwa bila kufundishwa na mtu: anabeba kitambaa hadi mlangoni, anakigeuzageuza mpaka ule mng'ao wa anga uondoke juu yake, ndipo anasema rangi ni ileile au siyo.

Mashine ya tufe ina mpira mtupu ndani, umepakwa rangi nyeupe sana. Taa inaangaza ndani ya mpira huo, mwanga unagongagonga kuta zake mpaka unakifikia kitambaa kutoka pande zote kwa pamoja. Jicho linatazama kutoka karibu na wima, kwa kawaida digrii 8, na ndiyo maana kwenye maelezo ya mashine inaandikwa d/8. Kwa kuwa mwanga unatoka kila upande, upo pia ule unaoruka kama kwenye kioo na kuingia moja kwa moja jichoni. Ukiuhesabu, skrini inaandika SCI. Tufe nyingi zina kidirisha upande ule kinachoweza kufunguliwa mwanga huo ukatoka nje usirudi, na hapo skrini inaandika SCE.

Uso wowote laini, uwe wa kigae au plastiki, unarudisha takribani asilimia 4 ya mwanga kabla haujafika kwenye rangi yenyewe. Mwanga huo hauna rangi. Ni nuru ya taa imerudi kama ilivyokuja. Juu ya kitu cheupe hauonekani sana. Kitu kinachorudisha asilimia 80 kikiongezewa 4, L* inatoka 91.7 na kufika karibu 93.5. Lakini juu ya kitu cheusi kinachorudisha asilimia 1 tu, 4 hizo zinaigeuza kuwa 5, na L* inaruka kutoka 9.0 hadi 26.7. Kwa hiyo ukiwa na mzigo wa mashati meupe unaweza kukaa mwaka mzima bila kujua kwamba jiometri ina maneno. Ukiletewa damu ya mzee, kijani kibichi kilichokoza au bluu ya sweta za shule, ndipo ugomvi unapoanza.

Gabadini si kigae. Nyuzi zake ni mviringo na zimesukwa kwa mistari ya mshazari, kwa hiyo mwanga wa usoni unatawanyika huku na huku, na hata mashine yangu inaupata kiasi. Ndiyo sababu pengo letu halikuwa la kutisha. Nilikaa na kalamu baadaye: ukichukua masomo yangu ya 45/0, yaani namba ilizosoma mashine, na kuyaongezea mwanga mweupe wa asilimia 0.6 tu, unapata masomo yake ya tufe, majora yote mawili. Asilimia 0.6 ndiyo iliyotugombanisha.

Mbona basi hata *tofauti* kati ya majora ilipungua kwenye tufe, wakati mwanga ulioongezwa ni uleule kwa yote mawili? Fikiria vikombe viwili vya chai ya rangi, kimoja kimekolea kidogo kuliko kingine. Ukivitazama unajua mara moja kipi ni kipi. Tia kijiko cha maziwa katika kila kikombe, kijiko kilekile, utaona vimesogeleana. L*, a* na b* hazihesabiwi kwa mwanga moja kwa moja bali kwa kipeuo cha tatu cha mwanga, na kipeuo cha tatu kinapanda kwa kasi kwenye giza kisha kinalegea kadiri mwanga unavyoongezeka. Ongeza weupe juu ya rangi nzito, na hatua ndogo zilizokuwa zinaonekana zinafifia. Maziwa ya tufe ndiyo yaliyoipeleka 1.2 kuwa 1.0.

Je, SCE haiwezi kumaliza ugomvi?

Muuzaji aliniuliza hivyo, na nilidhani hivyo pia. Tukafungua kidirisha cha mashine yake, tukapima tena jora la kwanza. L* ilishuka kutoka 23.1 hadi 22.6, na hapo ikasimama. Yangu ilikuwa 20.9.

Sababu ni ileile ya nyuzi. Kidirisha kinatoa mwanga wa upande mmoja tu, ule wa kioo hasa. Kwenye plastiki laini ule ndio karibu mng'ao wote, kwa hiyo SCE na 45/0 zinakaribiana. Kwenye kitambaa mng'ao umekwisha kutawanyika kabla ya kufika kidirishani, na sehemu kubwa inabaki ndani ya tufe. Mtu akikuambia kwamba kwa nguo SCE "ni sawa na 45/0," mwombe apime gabadini au satini mbele yako.

Ambapo 45/0 inaumbuka

Nisionekane naipigia debe mashine yangu. Kitambaa kina upande: nyuzi za urefu wa jora na nyuzi za kukatisha hazirudishi mwanga sawa, na mishazari ya gabadini ina mteremko. Mwanga unaopiga kwa digrii 45 unauona mteremko huo vizuri mno. Yangu inaangaza kwa pete, yaani kutoka pande zote za mduara, na hata hivyo nikigeuza kitambaa robo mzunguko L* inacheza kwa 0.2. Niliwahi kuazima moja yenye taa ya upande mmoja: jora lilelile, robo mzunguko, L* ikahama zaidi ya 1. Ukiwa na mashine ya namna hiyo unaweza kulikataa jora zima kwa sababu tu uliliweka vibaya mezani.

Tufe haisumbuliwi sana na jambo hilo, kwa kuwa mwanga wake hauna upande. Kwa blanketi, fulana za manyoya na sweta nzito za baridi, aina ya vitu vinavyouzwa sana Njombe na Makete, tufe inatulia zaidi. Manyoya ukiyapiga mkono kulia yanaonekana mepesi, kushoto yanaonekana mazito. 45/0 itakuandikia rangi mbili. Na sweta laini ina tabia ya kuvimba na kuingia ndani ya tundu la kupimia. Kwenye 45/0 doa la mwanga limelengwa kwenye usawa wa tundu, kwa hiyo kitambaa kikipanda kidogo somo linahama. Tufe nayo inahama, ila kwa uzoefu wangu kidogo zaidi.

Dawa ya upande huu ni utaratibu, na inasaidia mashine zote mbili. Kunja mpaka kisipenye mwanga. Kwa gabadini mara nne zinatosha, kwa kitambaa cha shati ongeza. Pima mara nne ukigeuza robo mzunguko kila mara, na uchukue wastani. Tundu kubwa ni bora kuliko dogo, maana linachanganya nyuzi nyingi kwa mara moja. Kisha usikandamize: weka mashine kwa uzito wake yenyewe, mkono uondoe. Kitambaa kilichotoka kwenye pasi kiache kipoe na kipate unyevu wa chumba kwanza, kwa sababu pamba yenye unyevu ni nzito kwa rangi kuliko ile iliyokauka, na rangi nyingine zinabadilika zikiwa na joto.

Kigae cheupe

Hapa ndipo nilipoumia zaidi, kuliko hata kwenye jiometri.

Kolorimita haijui nyeupe ni nini. Taa yake inazeeka, vichujio vyake vinachoka, asubuhi ya Juni ya Mbeya si sawa na mchana wa Novemba. Kwa hiyo kila siku unaiwekea kigae kinachojulikana na kuiambia: hiki kinarudisha kiasi hiki. Mashine inalinganisha ilichokiona na namba uliyoiambia, kisha inazidisha kila somo linalofuata kwa uwiano huo. Haiwezi kujua kama kigae ni kichafu. Inakiamini.

Tuseme kigae kimepata utando wa moshi na mafuta ya vidole, kikawa kinarudisha pungufu kwa asilimia 2 ya kile kilichoandikwa. Mashine inadhani yenyewe ndiyo imefifia, inajiongezea asilimia 2. Kitambaa cheupe kilichokuwa asilimia 80 kinasomeka 81.6, na L* inapanda kutoka 91.7 hadi 92.4. Damu ya mzee yangu, inayorudisha asilimia 3 na ushee tu, inapanda kwa kitu kama 0.2. Kosa la kigae linauma upande wa rangi nyeupe, kinyume kabisa na kosa la jiometri ambalo linauma upande wa giza. Ukiwa na namba zisizoeleweka, angalia kwanza zimeharibika upande gani.

Utando huo kwa kawaida si wa kijivu. Ni wa manjano, hasa palipo na pasi ya mkaa au jiko karibu. Manjano maana yake ni kwamba kigae kinameza bluu. Mashine inaona bluu imepungua, inaiongeza kwa kila kitu. Kitambaa cheupe kisicho na rangi yoyote, ikiongezewa bluu kwa asilimia 2, kinasomeka b* ya −1.2. Mwaka jana kwa wiki tatu mfululizo mashati yetu ya shule yalikuwa "yanazidi kuwa ya bluu" kila jora jipya. Nilimwandikia muuzaji ujumbe mrefu kuhusu dawa ya kung'arishia nguo. Aliyekuwa amebadilika ni kigae changu, kilichokuwa kinakaa juu ya rafu, wazi, hatua tatu kutoka kwenye pasi. Nilikifuta kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi na maji ya sabuni kidogo, nikakikausha, nikasawazisha upya. Bluu yote ikatoweka. Ule ujumbe nilibidi niutafutie maneno ya kuufuta.

Kuanzia hapo nina kigae cha pili, cha kijivu, ambacho sikitumii kusawazishia kamwe. Kinakaa ndani ya boksi lake, gizani. Kila asubuhi baada ya kusawazisha kwa cheupe ninakipima cha kijivu na kuandika namba kwenye daftari. Kikihama zaidi ya 0.3 kutoka namba yake ya siku zote, sipimi nguo, ninarudi kufuta. Msiwe na haraka ya kununua kigae cha rangi nyekundu au chungwa kwa kazi hii, maana rangi hizo zenyewe zinabadilika joto likibadilika, na huku kwetu chumba kinaweza kuwa baridi kali saa moja asubuhi na vuguvugu saa saba. Utaandika daftarini hali ya hewa badala ya hali ya mashine. Na ukitoka na kigae kwenye gari la baridi ukaingia nacho chumba cha pasi, kitatoa jasho. Kiache nusu saa.

Mikwaruzo nayo ina ujanja wake. Vigae vingi vya kusawazishia vinang'aa. Kwenye 45/0 mng'ao wa kigae kizima unaruka pembeni na jicho haliuhesabu. Kikikwaruzwa, au mtu akikisugua kwa steel wool kama sufuria, sehemu ya mng'ao huo inatawanyika na kuingia jichoni, kwa hiyo kigae kinaonekana *cheupe zaidi* ya namba yake. Mashine inajipunguza, na nguo zako zote zinasomeka nzito. Tufe ya SCI ilikuwa inahesabu mng'ao ule tangu mwanzo, kwa hiyo mkwaruzo hauibabaishi kiasi hicho. Hii ni hoja halisi ya kuchagua tufe kama karakana yako ina vumbi na mikono mingi.

Sasa lililo kubwa kuliko yote: namba iliyoandikwa nyuma ya kigae ni ya jiometri fulani. Kigae hichohicho kinaweza kuwa 89 kwa tufe ya SCI na 85 hivi kwa 45/0, kwa sababu ya zile asilimia 4 za usoni. Mtu akipoteza kigae chake, akaazima cha jirani mwenye mashine ya tufe na kuiingiza 89 kwenye mashine ya 45/0, atakuwa amekuza kila somo kwa karibu asilimia 5. Shati jeupe linapanda L* kwa 1.7, damu ya mzee kwa 0.6. Skrini haitalalamika. Kigae na mashine ni mke na mume. Namba ya mfululizo iliyo kwenye kigae ifanane na iliyo kwenye mashine, na usiviazimishe kimoja kimoja.

Kuna faraja kidogo. Ukipima sampuli ya kulinganishia na jora jipya kwa mfuatano, baada ya usawazishaji uleule, sehemu kubwa ya kosa la kigae inajifuta, kwa sababu imeingia pande zote mbili. Linalokuadhibu ni kulinganisha jora la leo na namba ulizozihifadhi mwezi uliopita. Mimi namba za zamani nazitunza, lakini kipande cha kitambaa nakitunza kwa wivu zaidi, kimefungwa kwenye karatasi nyeusi kabatini.

Ununue ipi?

Kama kazi yako ni kama yangu, yaani unapokea majora yaliyokwisha kupakwa rangi na swali lako ni "je, mzazi na mwalimu wataona tofauti wakisimamisha wasichana mstarini," chukua 45/0 yenye mwanga wa pete. Inatazama kama fundi anavyotazama mlangoni. Kwenye rangi nzito inaona kile macho yataona. Ile yenye taa ya upande mmoja iache, hata ikiwa ya bei ya kutupwa.

Kama unapaka rangi mwenyewe, au unarekebisha rangi pamoja na kiwanda, tufe inafaa zaidi. Anayepaka anataka kujua ni rangi kiasi gani imeingia kwenye uzi, na SCI haisumbuliwi sana na kama kitambaa kimepigwa pasi, kimefuliwa au kimesuguliwa mpaka kikang'aa. Hiyo hiyo ndiyo kasoro yake kwa mnunuzi. Suruali iliyong'aa makalioni inaweza kusomeka karibu sawa na mpya kwenye SCI, wakati kila mtu stendi anaona imechakaa.

Kama mzigo wako ni sweta, blanketi na vitu vya manyoya, nenda na tufe yenye tundu kubwa hata kama wewe ni mnunuzi tu. 45/0 itakuchosha kwa kugeuzageuza.

Na kama mteja wako au muuzaji wako mkubwa tayari ana aina fulani, uamuzi wako umekwisha kufanywa kwa kiasi kikubwa. Nunua jiometri yake. Ukiweza, weka na mipangilio ileile: mwanga wa mchana unaoitwa D65, mtazamaji wa digrii 10, na kanuni ileile ya tofauti. Watu wa nguo wengi wanatumia CMC 2:1 badala ya ΔE ya kawaida niliyoonyesha juu, nayo ni bora kwa sababu inapima uzito wa kila upande karibu zaidi na macho. Lakini CMC haiponyi jiometri. Ukiilisha masomo ya tufe inapiga hesabu safi ya masomo ya tufe.

Jambo moja ambalo kolorimita ya vichujio vitatu haikusaidii, iwe 45/0 au tufe: sweta ya akriliki na sketi ya gabadini zinazofanana dukani chini ya taa na kutofautiana nje juani. Kwa hilo inahitajika spektrofotomita, inayopima mwanga vipande vipande na kuhesabu rangi chini ya taa mbalimbali. Kama huna, zitoe zote mbili nje saa nne asubuhi, kisha zirudishe ndani uziangalie chini ya taa.

Majora yetu mawili je? Mimi na yule kaka tulikaa na chai tukaandika karatasi mpya, nusu ukurasa. Vipimo vya damu ya mzee na rangi nyingine nzito vitafanywa kwa 45/0 ya pete, yangu au nyingine ya aina hiyo; kitambaa mikunjo minne, mara nne kwa robo mzunguko; sampuli na jora vipimwe kwa mfuatano baada ya usawazishaji mmoja, na somo la kigae cha kijivu liandikwe juu ya karatasi ya vipimo. Kikomo tukakiweka 1.2 badala ya 1.0, kwa kuwa 1.0 ya zamani ilikuwa imepimwa kwa tufe na tofauti hiyohiyo kwenye mashine yangu ndiyo 1.2. Mashati meupe tukayaacha kwenye tufe yake.

Jora la pili sikulirudisha. La kwanza tulikata sketi za kidato cha kwanza na cha pili, la pili tukakata za kidato cha tatu na cha nne, na fundi mkuu akaonywa kwamba mkanda na kiuno cha sketi moja visitoke majora tofauti.